Maji Ndiyo Magumu Kumeza

Mgonjwa wa kiharusi akipata fahamu, ndugu hukimbilia bilauri ya maji. Wanaamini hakuna kitu laini kuliko maji, kwa hiyo hata koo lililolegea litayapitisha bila taabu. Kumbe kwa watu wengi waliopata kiharusi, maji ndiyo kinywaji kigumu kuliko vyote.

Sababu ni kasi. Tunapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa muda mfupi sana, chakula kikapita nyuma yake kwenda tumboni, kisha ikafunguka tena. Kiharusi kikiidhuru sehemu ya ubongo inayosimamia kazi hiyo, njia huchelewa kujifunga. Maji hayangoji. Yanateleza kutoka ulimini na kuingia kwenye njia ya hewa kabla haijazibwa, nayo yanabeba vijidudu vya kinywani hadi kwenye mapafu. Nimonia nyingi za wagonjwa wa kiharusi huanzia hapo. Kinywaji kizito hushuka polepole, na ule muda kidogo unaoongezeka mara nyingi humtosha mgonjwa kujifunga koo.

Mtu akipaliwa, tunatarajia akohoe. Lakini wapo ambao kiharusi kimewaondolea hata hisia ya koo, maji yanaingia mapafuni na hawakohoi. Kwa hao dalili ni sauti inayogeuka ya majimaji baada ya kumeza, pumzi zinazoongezeka kasi, au homa inayozuka bila sababu ya wazi. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kupewa chochote kinywani, hata kidonge, kabla muuguzi au mtaalamu wa umezaji hajampima.

Baada ya kipimo, familia hurudi nyumbani na maagizo. Shida ni kwamba maagizo mengi huwa ya jumla: mpeni uji mzito. Uzito wa nani? Uji wa bibi mmoja ni maji ya bibi mwingine. Kwa ajili hiyo wataalamu wa nchi nyingi wanatumia mfumo mmoja unaoitwa IDDSI, wenye ngazi kuanzia 0 hadi 7. Vinywaji viko ngazi ya 0 hadi 4, na ngazi ya 0 ni maji ya kawaida. Vyakula viko ngazi ya 3 hadi 7, na ngazi ya 7 ni chakula cha kila siku.

Tumchukulie baba wa miaka 62, upande wake wa kulia umelegea, ameruhusiwa vinywaji vya ngazi ya 2 na chakula cha ngazi ya 5. Binti yake amepika uji wa sembe. Kuupima anahitaji bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, la aina ambayo umbali kutoka alama ya sifuri hadi ya 10 ni milimita 61.5, la umbo jingine litampa jibu la uongo. Anauchuja uji kwanza, kwa sababu punje moja huziba tundu. Anatoa kisukumio, anaziba tundu la chini kwa kidole na kujaza uji hadi alama ya 10. Anaachia kwa sekunde 10, kisha anaziba tena. Uji uliobaki ukiwa kati ya mililita 4 na 8, hiyo ni ngazi ya 2. Ukibaki kati ya 1 na 4 ni mwepesi mno kwa baba huyu. Ukizidi 8 ni mzito kuliko alivyoagizwa. Apime ukiwa na joto lile lile atakalonywea, maana uji unaopoa huganda, na uji wa ngazi ya 2 jikoni huwa kitu kingine ukifika chumbani.

Uji una hila nyingine ambayo wengi hawaijui. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kilichotoka mdomoni kikirudishwa bakulini mara kadhaa, uji huanza kuwa majimaji, na mgonjwa anayekula polepole kwa nusu saa anamalizia kinywaji chepesi kuliko alichoanzia. Binti amimine kidogo kidogo kwenye kikombe kingine, bakuli kubwa libaki safi. Kwa maji, chai na juisi, unga wa kukolezea uliotengenezwa kwa zanthani hauathiriwi na mate. Huuzwa katika baadhi ya maduka ya dawa. Hupimwa kama pakiti inavyosema, hukorogwa kwa nguvu, kisha huachwa dakika chache ushike kabla ya kupima. Anayeonja mapema huongeza unga, na baadaye anakuta rojo.

Sasa mchana. Nyumbani wanakula ugali, samaki wa nazi na mchicha. Ugali ni laini mkononi, lakini kinywani kisicho na nguvu hunata kwenye kaakaa au huvunjika makombo makavu. Wali nao husambaa punje punje, na punje moja ikibaki nyuma ya ulimi yaweza kuteleza baada ya tonge kumezwa. Kwa baba huyu binti anaponda viazi vitamu na tui zito hadi vishikamane. Samaki anamtoa miiba yote kwa vidole, si kwa macho, kisha anamchambua vipande visivyozidi milimita 4, yaani vinavyopita katikati ya meno ya uma wa kawaida. Mchicha anautoa mabua na kuukata laini sana kabla ya kuupika. Vyote anavichanganya na mchuzi mzito. Akiteka kwa kijiko, chakula kibaki na umbo lake. Akikiinamisha, kishuke chote kwa pamoja bila kuganda kijikoni wala kutoa maji pembeni.

Hayo maji ya pembeni ndiyo yanayowapotosha wengi. Supu yenye vipande vya nyama inaonekana chakula cha mgonjwa hasa, lakini ndani yake mna vitu viwili vyenye kasi mbili: mchuzi unakimbia huku mtu bado anatafuna. Tikiti na chungwa hufanya hivyo hivyo, na aiskrimu huyeyuka ikawa maziwa mepesi mdomoni. Mtori uliopondwa na kuchujwa vizuri, nyama yake ikiwa imelainika kabisa, ni bora zaidi, na bokoboko la Pwani pia, mradi lisiwe la kunata sana.

Baba akae wima, kijiko kiwe kidogo, na kila baada ya tonge chache binti aangalie shavu la kulia, kwa kuwa chakula hujificha upande uliolegea. Akimaliza, kinywa kisafishwe na abaki ameketi kwa takriban nusu saa.

Vinywaji vizito vina gharama yake. Wagonjwa wengi hawavipendi, hunywa kidogo, na mwili hukaukiwa. Mkojo wa rangi iliyokolea ni ishara ya kuangalia. Ushahidi kwamba vinazuia nimonia si wa nguvu kama watu wanavyodhani, ndiyo maana wapo wataalamu wanaowaruhusu baadhi ya wagonjwa maji ya kawaida kati ya milo, kinywa kikiwa kimesafishwa na mtu akiwa pembeni. Utaratibu huo ulianzia kituo cha Frazier huko Louisville, Marekani, mwaka 1984. Usiuanzishe mwenyewe, muulize aliyempima. Na kwa kuwa wengi hupata nafuu ya kumeza ndani ya wiki za mwanzo, omba apimwe tena, asije akaendelea kunywa maji ya rojo wakati koo lake limekwisha kurudi kazini. Ulizia vidonge pia: vingine havipondwi, kwa sababu vimetengenezwa viachie dawa polepole.