Mchoro wa bima ya simu usianze na simu

Kampuni ikitaka kuwaeleza wateja wapya bima inayolipiwa kwa simu, mara nyingi mchoraji hukabidhiwa hatua tatu: piga namba, lipa, umekingwa. Hatua hizo ni za kweli, ila zinafundisha kununua tu. Mtu anayetuma na kupokea pesa kwa simu kila siku hasumbuliwi na menyu. Anachotaka kujua ni hela yake inakwenda wapi, na kwa nini asipougua hairudi.

Hapo ndipo infografia nyingi zinapoteleza. Huchora mshale kutoka kwa mteja hadi kwenye mfuko, kisha mwingine kutoka kwenye mfuko hadi kwa mteja yule yule. Mtazamaji aliyezoea kikoba anasoma mishale hiyo kama akiba: nimeweka, nitachukua. Mfano ulio karibu zaidi na bima ni chama cha kufa na kuzikana, ambako asiyefiwa hadai mchango wake. Kwa hiyo chora mishale mingi ikiingia mfukoni na michache ikitoka, na inayotoka iishie kwa mgonjwa peke yake.

Tuchukue bima ya kulazwa hospitalini, kwa viwango vya mfano. Mteja analipa shilingi 1,000 kwa mwezi, na akilazwa analipwa 15,000 kwa kila usiku, kuanzia usiku wa pili. Chora watu 100, mistari kumi ya watu kumi kumi. Usiandike asilimia, watu wa kuhesabika kwa kidole hueleweka haraka zaidi. Mfuko unapata 100,000. Mmoja kati yao, mpake rangi nyingine, amelala hospitali usiku nne. Analipwa usiku tatu, yaani 45,000. Zinabaki 55,000, na hizo nazo zionyeshwe: ujira wa kampuni ya simu, gharama na faida ya kampuni ya bima, kodi, na akiba ya mwezi ambao watalazwa wawili au watatu. Idara ya masoko itaomba kipande hicho kifutwe. Kibaki, kwa sababu mteja akikigundua mwenyewe baadaye ataona alifichwa.

Usiku wa kwanza usiolipwa unastahili picha yake: vitanda vinne kwa mstari, cha kwanza kikiwa na alama ya X, na 15,000 chini ya kila kimoja cha vile vitatu. Sentensi ya masharti chini ya ukurasa haiwezi kufanya kazi hiyo. Aliyetibiwa na kurudi nyumbani siku ile ile ndiye atakayelalamika kwamba ametapeliwa, basi naye achorwe, akiwa na sifuri kando yake.

Jambo la pili linalohitaji nafasi ni muda. Katika baadhi ya huduma hizi, malipo ya mwezi huu hununua kinga ya mwezi ujao, na ada hukatwa kidogo kidogo kwenye salio. Chora kalenda mbili, ya juu ikiandikwa "unalipa" na ya chini "umekingwa". Kisha onyesha mwezi ambao salio halikutosha, na mwezi unaofuata kwenye kalenda ya chini ukiwa mtupu. Simu iko mkononi, laini inafanya kazi, lakini bima haipo. Bila picha hiyo, wengi hudhani kuwa na laini ndiko kuwa na bima.

Onyesha pia nani anadaiwa. Zimbabwe, mwaka 2010, ilianzishwa EcoLife, bima ya maisha iliyotolewa bure kwa wateja wa Econet kulingana na muda wa maongezi walionunua. Ilienea kwa kasi kubwa, kisha mwaka 2011 ikasitishwa ghafla baada ya mgogoro kati ya kampuni hiyo ya simu na mshirika wake wa teknolojia, na watu wengi wakabaki bila kinga. Kwa hiyo nembo ya simu isimeze kila kitu. Jina la kampuni ya bima liandikwe kwa ukubwa ule ule, na kwa Tanzania itajwe TIRA, mamlaka inayoisimamia, pamoja na mahali pa kupeleka malalamiko.

Hatua za kudai zipite haraka: tunza karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, piga namba hii, pokea kwa simu.

Kabla ya kuchapa, wape mchoro watu ambao hawajawahi kuwa na bima, wautazame kwenye simu ndogo. Usiwaulize kama umewapendeza. Wengi watakubali kwa adabu. Uliza: "Mtu amelazwa usiku mmoja, atapata ngapi?" na "Mwaka ukiisha hujaugua, utarudishiwa nini?" Anayejibu 15,000 kwa la kwanza hajaviona vitanda. Anayesema atarudishiwa 12,000 kwa la pili bado anaona kikoba, na mchoro urudi mezani.