Ombi la kazi si fomu ya basari

Kileleshwa ni wadi mojawapo katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini, na kwa vijana wengi wa eneobunge hilo ombi la kwanza la maana waliloandika maishani lilikuwa la basari. Fomu za basari huulizia dhiki bila kuzunguka. Wazazi wako hai? Wanapata kiasi gani? Una ndugu wangapi shuleni, na nani anawalipia karo? Fomu ya mkopo wa HELB nayo huuliza mengi ya aina hiyo. Anayeeleza shida zake vizuri mbele ya kamati hizo hajidhalilishi hata kidogo, maana uhitaji ndio unaopimwa.

Kisha kijana huyohuyo anahitimu ualimu. Anaona tangazo la shule ya kibinafsi karibu na Barabara ya Othaya inayotafuta mwalimu wa Kiswahili wa sekondari msingi, na anaandika barua pepe kwa mkono uliozoea basari. Hii hapa nimeitunga mwenyewe, lakini aliyewahi kusoma maombi ya kazi Nairobi atazitambua sentensi zake:

"Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, samahani sana kwa kukusumbua, najua una shughuli nyingi. Kwa unyenyekevu mkubwa naja mbele ya ofisi yako tukufu nikiomba nafasi ya kufunza Kiswahili au kazi yoyote ile itakayopatikana. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto sita na wote wananitegemea. Nimekaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Ingawa sina tajriba, nikipewa nafasi nitajitolea kwa moyo wangu wote, na niko radhi kupokea mshahara wowote. Nakusihi unifikirie. Mungu akubariki unapolishughulikia ombi langu. Wako mtiifu."

Hakuna uongo humo, wala hakuna utovu wa adabu. Shida ni kwamba mwalimu mkuu akimaliza kusoma hajui kama mtu huyu amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, anafunza somo gani la pili, wala anaweza kuanza lini. Anachojua ni kwamba akimkataa, watoto watano watalala njaa. Amebebeshwa mzigo asioweza kuutua, kwa sababu shule haina fungu la kuajiri kwa huruma. Wengi wakibebeshwa hivyo hufunga barua na kufungua inayofuata.

Tuipitie basi, tukianza na kile ambacho hakipaswi kuguswa. "Naomba" ibaki. Wapo wanaoshauriwa waandike kwa kujiamini, wakatoka na sentensi kama "Nataka kazi hiyo" au "Mimi ndiye mnayemtafuta". Kwa Kiswahili hilo ni kosa baya kuliko la kwanza. Tunaomba maji mezani, tunaomba njia kwenye matatu, tunaomba kuuliza swali darasani, na hakuna anayetuona ombaomba. Naomba moja mwanzoni inatosha kubeba heshima ya barua nzima. Barua huanza kulalama pale "naomba" inapofuatwa na "nakusihi", halafu "tafadhali nifikirie", halafu "nitashukuru sana ombi langu likikubaliwa", ilhali anayeombwa alishaelewa tangu mstari wa kwanza.

Kinachotoka bila kujadiliwa ni samahani. Shule ilitangaza kazi na ikaweka anwani ya kutumia maombi, kwa hiyo hujamsumbua mtu. "Mheshimiwa" naye aende zake. Huku kwetu hilo ni jina la mbunge na MCA. Mwite "Mwalimu". Ni neno la heshima kamili, lina joto ambalo "ofisi yako tukufu" haitalipata kamwe, na linamwonyesha kwamba mko katika kazi moja.

"Kazi yoyote ile" na "mshahara wowote" ni hatari kwa namna nyingine. Ya kwanza inamwambia msomaji kwamba hukusoma tangazo. Ya pili inakupunguzia bei kabla hujaulizwa, na ukiitwa baadaye kuzungumzia malipo, huna tena mahali pa kusimama. Kama tangazo halikuuliza mshahara, usiutaje.

Sehemu ngumu ni miaka miwili ya kukaa nyumbani, pamoja na ile "ingawa sina tajriba". Ukizifuta tu, pengo linabaki kwenye wasifukazi na litaonekana. Dawa ni kujiuliza miaka hiyo ilikuwa na nini ndani yake. Tuseme mwombaji wetu alifunza muhula mzima wakati wa mazoezi ya ualimu, na tangu ahitimu amekuwa akiwafunza Kiswahili watoto watatu wa majirani jioni. Yeye aliyaona hayo kuwa vibarua tu, lakini kwa mwalimu mkuu ni kufunza, na ndiyo habari anayoitafuta. Barua sasa inasomeka hivi:

"Mada: Ombi la nafasi ya mwalimu wa Kiswahili, Gredi 7 hadi 9

Mwalimu, habari za asubuhi.

Naomba nafasi ya mwalimu wa Kiswahili mliyoitangaza wiki iliyopita. Nina shahada ya elimu katika Kiswahili na Historia, na nimesajiliwa na TSC. Katika mazoezi ya ualimu nilifunza madarasa mawili ya Gredi 8 kwa muhula mzima. Tangu nihitimu nimekuwa nikiwafunza watoto watatu wa Gredi 7 jioni, hasa insha na ufahamu.

Tangazo lenu limetaja klabu ya uigizaji. Niliigiza miaka yote chuoni na ningependa sana kuisaidia.

Nimeambatisha wasifukazi, vyeti na nambari ya TSC. Naweza kuja kufunza somo la majaribio siku yoyote, na kuanza kazi muhula ujao.

Asante kwa kulisoma ombi langu. Nitafurahi kukutana nanyi.

Wako mwaminifu"

Joto la barua hii linatoka kwenye aya ya klabu ya uigizaji. Ni mistari miwili tu, lakini haiwezi kutumwa kwa shule nyingine, na msomaji anahisi kwamba ameandikiwa yeye. Shukrani imebaki moja, kwa jambo lililokwisha kutendeka: kusoma. Baraka nimeziondoa huku moyo ukisita, maana kuombeana heri ni desturi njema. Ila zikitangulia jibu zinakuwa kama shinikizo. Ziweke kwa siku utakapomshukuru mtu aliyekusaidia kweli.

Unyenyekevu uliopitiliza hujificha hata kwenye viambatisho. Kuna wanaohangaika kutafuta vyeti vya KRA, HELB, EACC na polisi ili wavitume pamoja na ombi la kwanza, kabla hata ya kuitwa. Mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kuvidai vyeti hivyo vya uidhinishaji mpaka awe anakusudia kumpa mwombaji mkataba. Nambari ya TSC ni jambo jingine, maana bila usajili huo mtu haruhusiwi kufunza.

Na wiki mbili zikipita kimya? Hapo ndipo mkono wa basari hurudi kwa nguvu zote, na mtu huandika kwamba bado anasubiri kwa unyenyekevu na machozi. Jibu barua yako ileile ya kwanza, ili msomaji asihangaike kuitafuta, na uandike: "Mwalimu, habari. Niliomba nafasi ya Kiswahili tarehe 6, na bado ninavutiwa nayo. Naomba kujua kama mahojiano yamepangwa. Kama nafasi imeshajazwa, nitashukuru pia kuarifiwa." Sentensi ya mwisho hiyo ina faida yake: mwenye kukataa anapewa njia rahisi ya kukataa, na mara nyingi ndiyo inayomfanya ajibu.