Kadi ya Njano na Wasiopaswa Kuchanjwa

Bibi mwenye umri wa miaka 72 anaishi Nairobi na amealikwa harusini Arusha. Atasafiri kwa basi kupitia Namanga pamoja na mkwewe, anayenyonyesha mtoto wa miezi saba. Kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye homa ya manjano, Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa wasafiri wanaotoka huko. Familia nyingi zikifika hapo huwaza jambo moja tu: twende sote tukachanjwe. Kumbe kati ya wasafiri hawa watatu, huenda hakuna hata mmoja anayepaswa kukimbilia sindano.

Sababu imo ndani ya chanjo yenyewe. Imetengenezwa kwa virusi hai vya homa ya manjano vilivyodhoofishwa. Vikiingia mwilini huzaliana kidogo, mwili ukavitambua na kujijengea kinga, na kwa watu wengi dozi moja hutosha maisha yote. Lakini hesabu hiyo inategemea mwili wenye uwezo wa kuvidhibiti.

Mtoto mchanga bado hana uwezo huo. Aliye chini ya miezi sita hachanjwi kabisa, kwa kuwa virusi vinaweza kumfikia ubongoni na kuuvimbisha. Kati ya miezi sita na tisa huchanjwa tu pale mlipuko unapokuwa karibu na hatari ya ugonjwa imeizidi ile ya sindano. Mwaka 2009 huko Brazil, mama mmoja alichanjwa siku 15 baada ya kujifungua, wakati wa mlipuko. Siku chache baadaye kichanga chake kikapata degedege, na virusi vya chanjo vikaonekana katika maji ya uti wa mgongo. Mtoto hakuwa amechomwa sindano. Inaaminika vilimfikia kwa maziwa ya mama. Ndiyo maana mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi tisa hushauriwa kuahirisha chanjo, au safari ya kwenda kwenye hatari, kama inawezekana.

Kwa wazee, shida ni kinga iliyochoka. Kuanzia miaka 60, dozi ya kwanza ya maisha huambatana na hatari kubwa zaidi ya virusi vya chanjo kuenea kwenye ini, figo na mapafu, mfano wa homa ya manjano yenyewe. Tukio hili ni adimu sana, takriban mtu mmoja au wawili kwa kila dozi laki moja katika umri huo, lakini karibu nusu ya wanaopatwa hufa. Mwaka 2019 Profesa Martin Gore, daktari bingwa wa saratani wa London aliyekuwa na miaka 67, alifariki muda mfupi baada ya kuchanjwa. Dalili hutokea ndani ya siku kumi hivi: homa kali, kutapika, macho kuwa ya njano, kuhema kwa shida. Mzee aliyechanjwa akizipata, apelekwe hospitali na chanjo itajwe mara moja.

Wengine wasiochanjwa ni wenye mzio mkali wa mayai, waliopandikizwa viungo, wenye maradhi ya tezi ya thaimasi, wanaotumia dawa za kushusha kinga, na wenye VVU ambao seli zao za CD4 ziko chini ya 200.

Basi bibi afanyeje? Kwanza apekue makabati. Tangu Julai 11, 2016, cheti ni halali maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa kwamba kinaisha baada ya miaka kumi. Kama aliwahi kuchanjwa ujanani, kadi hiyo humvusha bila sindano nyingine.

Kama hakuwahi, aende kituo kinachotoa chanjo hiyo akaonane na daktari. Nairobi si eneo la hatari kubwa, wala Arusha. Sindano ingekuwa kwa ajili ya karatasi tu. Hapo daktari anaweza kumwandikia msamaha wa kitabibu: aeleze sababu kwa Kiingereza au Kifaransa, na asaini kwa mkono. Muhuri wa kituo usichukuliwe kuwa badala ya saini, na mahali palipofutwa au kurekebishwa panaweza kukibatilisha cheti.

Mkwewe anastahili msamaha wa namna hiyo kwa sababu ya kunyonyesha. Mtoto hadaiwi kitu, kwani Tanzania hudai cheti kuanzia umri wa mwaka mmoja.

Msamaha haumfungi afisa afya wa mpakani. Hana budi kuuzingatia, lakini anaweza kumtaka msafiri aripoti akipata homa, au kumweka karantini kwa siku zisizozidi sita, muda ambao ugonjwa huchukua kujitokeza. Kwa hiyo ni vyema kuulizia ubalozini au mpakani mapema. Na anayeamua kuchanjwa akumbuke kwamba cheti huanza kuwa halali siku ya kumi baada ya sindano, hivyo aliyechanjwa Jumatatu kwa safari ya Ijumaa hiyohiyo anaweza kurudishwa akiwa na kadi mkononi.