Kampuni Inapoomba Radhi: Barua ya Atlassian

Barua nyingi za radhi zinazotoka kwenye makampuni husema kulikuwa na "tatizo la kiufundi" na kwamba usumbufu unajutiwa. Mteja akimaliza kusoma hajui lolote jipya. Ndiyo maana maelezo ambayo Atlassian, kampuni ya programu ya Australia, iliwaandikia wateja wake Aprili 2022 yanafaa kuchambuliwa.

Atlassian hutengeneza Jira na Confluence, programu ambazo ofisi nyingi duniani hugawia kazi na kutunzia nyaraka. Asubuhi ya tarehe 5 Aprili, wateja 775 walikuta kurasa zao zimetoweka. Wa mwisho alirejeshewa huduma tarehe 18.

Kwa wiki nzima ya kwanza wengi wao hawakuambiwa la maana. Maelezo kamili, yakiwa na barua ya waanzilishi wawili, Scott Farquhar na Mike Cannon-Brookes, yalitoka tarehe 29.

Walichosema hakikuwa na mafumbo. Kampuni ilitaka kufuta programu moja ya zamani kwa wateja hao. Timu iliyoomba kazi hiyo ikaikabidhi timu nyingine orodha ya namba za utambulisho, lakini zilikuwa namba za akaunti nzima za wateja, si za ile programu. Juu ya hilo, amri iliyotumika ilikuwa ya kufuta moja kwa moja, na mfumo haukumwuliza mtu kama ana hakika. Ndani ya dakika 23 kila kitu kilikuwa kimekwenda. Hawakushambuliwa na wadukuzi, na walilisema hilo waziwazi.

Msomaji angeuliza: si wana nakala za akiba? Wanazo. Ila zilipangwa kwa ajili ya kurejesha mteja mmoja mmoja, au wote kwa pamoja. Kuwachomoa mamia kutoka kwenye hifadhi wanayochangia na wengine, bila kuwavuruga hao wengine, hakukuwa na utaratibu uliotayarishwa. Hapo ndipo siku zilipoishia.

Na ule ukimya? Anwani za wahusika zilifutika pamoja na akaunti, na mteja asiye na akaunti hakuweza hata kufungua malalamiko kwa njia ya kawaida. Sababu hiyo naikubali nusu tu, kwa kuwa tangazo kwa umma halihitaji anwani ya mtu. Wenyewe walikiri kwamba walipaswa kusema mapema kile walichokijua, badala ya kusubiri picha kamili.

Barua haikuficha hasara pia: wateja 57 walipoteza baadhi ya taarifa zao kupita kiwango cha saa moja ambacho kampuni ilikuwa imejiwekea.

Kwa maelezo, barua hii imefaulu. Kwa muda, imechelewa mno.