Tangazo la slaidi nane lisilouza: Mtotoleshaji akague nini kabla ya kulirusha

Mfugaji anayetotolesha vifaranga hana muda mrefu wa kutafuta wateja. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21, na kifaranga akishatoka kwenye mashine hawezi kuwekwa ghalani kama gunia la mahindi akisubiri bei. Asiponunuliwa siku hiyo, anahitaji joto, chakula, maji na nafasi ambayo mara nyingi imekwishatengwa kwa ajili ya kundi lingine.

Kwa sababu hiyo watotoleshaji wengi wadogo sasa hutangaza vifaranga wao mapema kwenye mtandao wa Instagram, kwa mfululizo wa picha ambazo mteja huzipitia moja baada ya nyingine kwa kutelezesha kidole. Instagram iliruhusu mfululizo wa aina hiyo kwa watumiaji wote mwaka 2017, ukiwa na picha 10, na mwaka 2024 ikaongeza hadi 20. Nafasi ipo ya kutosha. Tatizo ni kwamba mfululizo mwingi hupendwa, hupongezwa, kisha vifaranga hubaki.

Chukua mfano wa mtotoleshaji mdogo aliyeko Morogoro. Ameweka mayai 500 kwenye mashine siku ya Alhamisi. Siku ya saba anayapima kwa mwanga, anaondoa yasiyo na mbegu na kubakiwa na 420. Kwa uzoefu wake anatarajia vifaranga 360 hivi. Akiwauza kwa shilingi 2,000 kila mmoja atapata shilingi 720,000. Lakini akipata oda za vifaranga 210 tu, 150 watabaki mikononi mwake, na akilazimika kuwauza kwa bei ya kutupa ya shilingi 1,200, amepoteza shilingi 120,000 hata kabla ya kuhesabu mkaa na chakula.

Siku ya kumi, yaani Jumapili, ana tangazo la slaidi nane tayari kwenye simu. Kabla ya kulirusha kuna mambo matatu ya kukagua: mtiririko, ulinganifu na slaidi ya mwisho.

Mtiririko: kila slaidi imvute mteja kwenye inayofuata

Tangazo lenyewe limepangwa hivi. Slaidi ya kwanza ina nembo na maneno “Karibuni kwenye ukurasa wetu”. Ya pili inaeleza historia ya mradi. Ya tatu inataja aina za kuku, Kuroiler na Sasso. Ya nne inahusu chanjo, ya tano bei, ya sita namna ya kulea vifaranga, ya saba inaonyesha picha ya banda, na ya nane inasema “Asanteni, tupigieni”.

Hakuna uongo hapo, ila mpangilio umefuata mawazo ya muuzaji. Mnunuzi hujiuliza kwa utaratibu mwingine: kuna nini hapa, ni lini, ni bei gani, nitaaminije, nitapataje? Njia rahisi ya kuona kasoro ni kusoma mstari wa kwanza wa kila slaidi kwa sauti, bila kusoma mengine. Ikiwa mistari hiyo minane haisikiki kama mazungumzo ya mtu mmoja na mteja wake, mtiririko umekatika.

Katika tangazo hili umekatika mara mbili. Slaidi ya kwanza haimpi mgeni sababu ya kusogeza kidole, kwa kuwa haisemi kinachouzwa. Tena ushauri wa malezi na picha ya banda vimeingia kati ya bei na namba ya simu, hivyo mteja aliyekwisha kuvutiwa na bei anapitishwa darasani kabla ya kuonyeshwa mlango wa duka.

Mpangilio bora ungekuwa wa slaidi sita. Ya kwanza: “Vifaranga 360 wa Kuroiler na Sasso watatoka Alhamisi”, pamoja na tarehe. Ya pili: bei kwa kifaranga na idadi ndogo kabisa ya kununua. Ya tatu: picha halisi ya vifaranga wa mzao uliopita, siyo iliyookotwa mtandaoni. Ya nne: chanjo watakayokuwa wamepata, yaani ya mareksi siku ya kwanza, na zile ambazo mnunuzi mwenyewe ataendelea nazo. Ya tano: jinsi wanavyosafirishwa hadi mikoani. Ya sita: namna ya kuagiza. Malezi yanastahili tangazo lake peke yake, siku nyingine.

Slaidi ya pili inahitaji uangalifu wa pekee. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, amekwisha kueleza kuwa mtu aliyepita bila kusogeza picha anaweza kuonyeshwa tangazo hilohilo kwa mara ya pili, safari hii likianzia picha inayofuata. Kwa hiyo slaidi ya pili isianze na maneno kama “Pia tunazo” au “Bei zake ni”, kwani huenda ndiyo ya kwanza kwa mteja huyo. Iandikwe: “Kifaranga wa Kuroiler wa siku moja, shilingi 2,000.”

Ulinganifu: rangi baadaye, ukweli kwanza

Watu wengi wakiambiwa slaidi zilingane hufikiria rangi na aina ya herufi. Hayo yana maana, kwa kuwa mteja akikuta slaidi ya kijani, kisha nyekundu, kisha nyeupe yenye herufi nyingine, anaweza kudhani amehamia kwa muuzaji mwingine. Rangi mbili na aina moja ya herufi zinatosha.

Lakini kinachomfukuza mteja hasa ni taarifa zisizolingana. Katika tangazo la mfano wetu, slaidi ya tano inasema shilingi 2,000 wakati maelezo chini ya picha, yaliyonakiliwa kutoka mzao uliopita, yanasema 1,800. Slaidi ya tatu inasema “vifaranga wa siku moja”, lakini picha iliyo nyuma ya maandishi ni ya kuku wa wiki tatu walioanza kuota manyoya. Kuna namba mbili tofauti za simu. Mnunuzi hapigi kuuliza ipi ni sahihi. Hudhani kuna ujanja na kwenda kwa mwingine.

Ukaguzi wake ni wa karatasi na kalamu. Muuzaji aandike vitu vitano: aina, umri, bei, tarehe na namba ya simu. Kisha apitie kila slaidi pamoja na maelezo ya chini, akiweka alama kila kinapotajwa kimojawapo. Kikitajwa mara tatu, kiwe kilekile mara zote tatu. Kazi hiyo ifanywe kabla ya kurusha, kwa sababu maelezo ya chini hurekebishika baadaye, ila maandishi yaliyo ndani ya picha hayarekebishiki.

Umbo la picha nalo huharibu mengi. Instagram hutumia umbo la slaidi ya kwanza kwa slaidi zote zinazofuata. Ikiwa ya kwanza imesimama na ya nne imelala, ya nne itakatwa kingo, na mara nyingi kinachokatwa ni namba au bei iliyowekwa pembeni. Slaidi zote zitengenezwe kwa kipimo kimoja, kwa mfano upana 1080 na urefu 1350, na maandishi yakae mbali na ukingo. Pembe ya juu kulia iachwe wazi, kwa kuwa ndipo namba ya slaidi hujitokeza.

Jambo la mwisho kuhusu ulinganifu ni kwamba slaidi hazibaki pamoja. Mteja hupiga picha ya kioo cha simu kwenye slaidi ya bei na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji, ambako huzunguka kwa miezi. Slaidi ya bei isiyo na tarehe italeta mtu mwezi wa sita akidai bei ya mwezi wa pili. Tarehe na namba ya simu viandikwe chini ya slaidi ya bei, hata kwa herufi ndogo zinazosomeka.

Slaidi ya mwisho: ombi moja, siku moja

Slaidi ya nane ya mfano wetu inamwomba mteja mambo manne: apige simu, atume ujumbe, afuate ukurasa, na awataje marafiki watatu. Mteja akipewa kazi nne hufanya iliyo nyepesi, ambayo ni kufuata ukurasa, na hiyo haiondoi kifaranga hata mmoja.

Ombi libaki moja, nalo liwe na ukomo. Mtotoleshaji huyu huhamishia mayai kwenye sehemu ya kuangulia siku ya 18, ambayo ni Jumatatu, naye huyapima tena siku hiyo. Hapo anajua kwa karibu zaidi atapata vifaranga wangapi, hivyo ndiyo siku ya kufunga oda. Slaidi inaweza kusema: “Tuma WhatsApp neno VIFARANGA, idadi unayotaka na mji uliopo, kabla ya Jumatatu saa 12 jioni.” Kama anadai malipo ya awali, kiasi kitajwe hapohapo ili kisije kama mshtuko baadaye.

Anwani ya kubonyeza isiwekwe kwenye maelezo ya chini, kwa kuwa hapo Instagram huionyesha kama maandishi tu. Iwekwe kwenye wasifu wa ukurasa, kwa mtindo huu: `wa.me/2557XXXXXXXX`, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Kosa la sifuri ni la kawaida, na dalili yake ni wateja kulalamika kuwa namba haipo WhatsApp.

Maswali ya wateja ndiyo kipimo

Kabla ya kurusha, simu apewe mtu asiyejua biashara hiyo, bila maelezo yoyote. Akimaliza aulizwe: kinauzwa nini, kwa bei gani, na ukitaka ufanye nini? Akishindwa kujibu moja, slaidi husika irudiwe.

Baada ya kurusha, muuzaji ahesabu ujumbe 20 wa kwanza. Wengi wakiuliza “bei gani?” wakati bei imo, hawakuifikia, na kasoro iko kwenye mtiririko. Wakiuliza “ni wa siku ngapi?” au “ni bei ipi sahihi?”, kasoro iko kwenye ulinganifu. Wakisema “nitakutafuta” na kunyamaza, slaidi ya mwisho haikuwapa siku wala hatua.

Wasipouliza chochote kati ya hayo, lakini bado hawanunui, tatizo haliko kwenye slaidi. Huenda jirani anauza kwa 1,700, au nauli ya boksi hadi Dodoma imekula faida ya mnunuzi. Tena wapo wafugaji wengi wenye simu za kitochi ambao tangazo hili haliwafikii kabisa, na hao bado wanahitaji wakala wa duka la pembejeo. Ni vema mtotoleshaji awagawie mawakala sehemu ya vifaranga wake tangu siku ya kumi, badala ya kuwakimbilia Alhamisi asubuhi vifaranga wakiwa tayari wanalia kwenye maboksi.