Lubumbashi: risiti za pesa kutoka Ulaya peke yake hazitoshi kupata mkopo

Mfano ni mama muuza vitenge wa Lubumbashi anayeomba mkopo kwenye koperative. Analeta risiti 6 za miezi 6: kila mwezi mtoto wake aliye Ubelgiji alimtumia dola 200.

Risiti inaonyesha pesa zilizotumwa, si zilizofika. Kwa hiyo afisa wa mikopo anatafuta kila risiti kwenye taarifa ya akaunti ya mama, akilinganisha tarehe, kiasi na jina la mtumaji.

Risiti 4 zinapatikana. Ya 5 ilipokelewa taslimu na dada yake, kwa jina la dada. Isipofuatwa na dola 200 kuingia kwenye akaunti ya mama, haihesabiwi. Ya 6 ilifutwa, na mtoto akarudishiwa pesa huko Ubelgiji.

Zimebaki dola 800. Lakini kila pesa zikiingia, siku ileile dola 50 zinatumwa kwa ndugu kulipia karo ya watoto wake. Mara 4 ni dola 200, na hizo si mapato ya nyumba ya mama.

Dola 600 kwa miezi 6 ni dola 100 kwa mwezi. Hizo ndizo zinazoandikwa kwenye faili, si 200.