Visima 4112 Ambavyo Havikuwepo

Mwaka juzi nilikabidhiwa ripoti ya maji ya kurasa 180, iliyohifadhiwa kama PDF, niiandalie habari ya redio. Nikanakili sura ya tatu, nikaibandika kwenye faili langu, nikaanza kukatakata. Jioni mtangazaji akasoma hewani kwamba visima 4112 vinatoa maji katika wilaya ambayo, kwa maneno ya msikilizaji mmoja aliyepiga simu, haijawahi kuwa na visima hata 100.

Ripoti ilisema 41. Ile 12 iliyofuata ilikuwa namba ya tanbihi, tarakimu ndogo iliyopandishwa juu ya mstari. Nilipoinakili ilishuka ikakaa sawa na wenzake. Nilirudi kwenye faili nikakuta sentensi nzima imetoka hivi:

"Kati ya visima 58 vilivyokaguliwa, 4112 12 Visima vya watu binafsi havikuhesabiwa. 46 Sura ya Tatu: Hali ya Visima vilikuwa vikitoa maji."

Hapo kuna vitu vinne vilivyoshikana: sentensi iliyokatika mwisho wa ukurasa, tanbihi yake, namba ya ukurasa, na kichwa kinachojirudia juu ya kila ukurasa. Kwa jicho la msomaji vimeachana kabisa. Kompyuta haivioni hivyo, kwa sababu PDF ya kawaida haijui aya ni nini. Inachohifadhi ni maagizo: herufi hii, ya fonti hii, ukubwa huu, iwekwe mahali hapa. Karatasi ya A4 ina upana wa pointi 595 na urefu wa pointi 842, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi. Kila herufi ina anwani yake humo, basi.

Anwani hizo ndizo zinazotuokoa. Mtu akitaka kutenganisha matini kuu na tanbihi, visanduku vya pembeni na maelezo ya vielelezo, haanzi kwa kusoma maneno, anaanza kwa kupima herufi. Mimi hutumia maktaba ya Python iitwayo `pdfplumber`, na kazi ya kwanza ni kuhesabu ni herufi ngapi zina ukubwa gani:

```python
import pdfplumber
from collections import Counter

hesabu = Counter()
with pdfplumber.open("ripoti.pdf") as pdf:
    for uk in pdf.pages:
        for h in uk.chars:
            hesabu[h["fontname"], round(h["size"], 1)] += 1
print(hesabu.most_common(10))
```

Orodha ikitoka tupu, kurasa hizo ni picha zilizopigwa kwa skana, na itabidi kwanza zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi, kama Tesseract. Yangu haikuwa tupu. Herufi nyingi kupita zote zilikuwa za pointi 10.5: hiyo ndiyo matini kuu. Zilifuata za pointi 8, kisha za 9 zilizolala, na mwisho kundi dogo la 6, karibu lote tarakimu. Hilo kundi dogo ndilo lililonizalia visima 4112. Kila tarakimu ya pointi 6 iliyoketi katikati ya mstari wa 10.5 niliibadilisha kabla ya kitu kingine chochote, ikawa alama: `[tanbihi 12]`. Namba haiwezi tena kugandamana na nyingine, na ukitaka kujua tanbihi iliitwa na neno gani, alama ipo palepale.

Ukubwa peke yake, hata hivyo, hudanganya. Zile pointi 8 hazikuwa za tanbihi tu. Majedwali nayo yaliandikwa kwa pointi 8. Kilichotenganisha ni ule mstari mfupi unaochorwa juu ya tanbihi. Kilicho chini ya mstari huo na kina pointi 8, ni tanbihi. Mimi nilipoteza saa nzima nikiutafuta kwenye `page.lines` bila kuuona, kumbe programu iliyotengeneza ripoti iliuchora kama mstatili mwembamba, ukawa umekaa kwenye `page.rects`. Na pale tanbihi ndefu inapomwagikia ukurasa wa pili, kipande chake huanza bila namba. Hicho huungwa na tanbihi ya mwisho ya ukurasa uliotangulia.

Visanduku vina tabia tofauti. Maandishi ya kisanduku mara nyingi yana ukubwa uleule wa matini kuu, kwa hiyo kupima herufi hakusaidii. Unatafuta rangi ya nyuma: mstatili uliojazwa rangi, nami niliweka sharti uwe na kimo kinachozidi pointi 100, maana safu za jedwali zilizotiwa kijivu nazo ni mistatili. Ukishaupata, unachukua maneno yaliyomo ndani ya mipaka yake na kuyaondoa kwenye ukurasa. Visanduku lazima vitoke kwanza, kabla ya tanbihi na maelezo ya vielelezo, kwa kuwa kisanduku kinaweza kuwa na tanbihi zake na picha zake humohumo ndani.

Maelezo ya vielelezo yanaonekana rahisi: tafuta mstari unaoanza na "Kielelezo" na namba. Lakini "Kielelezo 4 kinaonyesha kwamba mvua ilipungua" ni sentensi ya kawaida, na inaweza kabisa kuangukia mwanzo wa mstari. Nilidai vitu viwili kwa pamoja: mstari uanze hivyo, na uwe wa zile herufi za pointi 9 zilizolala. Grafu zenyewe zina kero yake. Nyingi si picha, zimechorwa kwa mistari, na miaka iliyoandikwa chini yake ni maandishi kamili. Usipoyazuia, katikati ya aya yako utakuta "2010 2012 2014 2016" bila mwenyewe.

Kuna watu huona njia ya mkato: tupa kila kilicho chini ya pointi 9, ubaki na matini kuu. Ripoti ya mabadiliko ya tabianchi iliyotolewa na IPCC mwaka 2021 inaonyesha hasara yake. Katika muhtasari wake kwa watunga sera, maneno ya uwezekano yamepimwa kwa asilimia: "yaelekea" ni uwezekano wa asilimia 66 hadi 100, na "yaelekea sana" ni asilimia 90 hadi 100. Vipimo hivyo vimeandikwa kwenye tanbihi. Ukizifuta, unabaki na maneno ambayo kila msomaji atayapima kwa kipimo chake.

Utajuaje kama umepata zote? Hesabu. Ripoti yangu ilikuwa na alama 137 ndani ya matini, na namba zilikwenda mfululizo bila kuanza upya kila sura. Tanbihi nilizokuwa nazo mkononi zilikuwa 135. Zilikosekana ya 64 na ya 101. Nikafungua kurasa zake kwa macho. Ya 64 iliitwa na jedwali, ikaandikwa chini ya jedwali lenyewe, mbali na ule mstari mfupi. Ya 101 ilikuwa ndani ya kisanduku, nami nilikuwa nimekiondoa chote bila kutafuta tanbihi ndani yake.

Kama aliyeandika ripoti anapatikana, mwombe faili lake la Word. Faili la `.docx` ni furushi lililobanwa, na tanbihi za kawaida zimekaa peke yake humo ndani, kwenye `word/footnotes.xml`, bila haja ya kupima chochote. Mimi niliomba. Nilijibiwa kwamba faili halisi lilibaki kwenye kompyuta ya mchapaji.